Wifi Yangu, Ngoja Kwanza

Wifi yangu aliniudhi miaka mingi kwa jambo moja: hakunipa umbea hata wa kuonja. Tulikuwa tunafanya kazi hospitali moja. Mimi nilisimamia stoo ya vifaa, mambo ya glavu, sindano na pamba. Yeye aliongoza masjala, kile chumba chenye madirisha ya kioo ambako mafaili ya wagonjwa na majibu ya vipimo vyao hupita. Nusu ya watu wa mtaani kwetu walipimwa hapo, na wote aliwajua undani wao, kuanzia fundi cherehani wetu hadi mwenye nyumba aliyekuwa akitupandishia sauti kila mwezi. Nilimchokoza jikoni kwangu, nikamsihi, hata nikanuna. Yeye akaendelea kumenya vitunguu, akaniuliza kama chumvi ipo. Mume wangu, ambaye ni kaka yake wa tumbo moja, aliniambia niache kujisumbua, kwamba dada yake alizaliwa hivyo, kinywa na kufuli lake.

Ndiyo sababu watu walimwamini. Nimewaona kwa macho yangu wagonjwa wakilipita dirisha lililokuwa tupu na kupanga foleni kwenye la kwake, waongee na yeye tu, kwa sauti ya chini, kisha waondoke wakiwa wametua mzigo. Hakuwa na cheo kikubwa wala hakuwa mchangamfu. Alikuwa na sura ya mtu anayesubiri umalize ili arudi kazini. Lakini ukimwachia neno, limekaa.

Jina la utani alilipata humo humo ofisini. Kila aliposukumiwa jambo la haraka, iwe saini, faili au simu ya daktari mwenye kiherehere, alisema, "Ngoja kwanza." Basi wakamwita Ngoja Kwanza, mbele yake na nyuma yake, naye akaitika bila kinyongo.

Ule ungoja-kwanza wake ulikuja kuwa na kazi zaidi tulipoingiwa na homa ya kuskani. Hospitali ilipata mkuu mpya wa mitambo, kijana nadhifu mwenye viatu vinavyolia sakafuni, na huyu bwana aliipenda ile misimbo ya QR, ile miraba ya vidoadoa vyeusi na vyeupe, kuliko alivyotupenda sisi. Mahudhurio, skani. Ratiba ya zamu, skani. Maoni kuhusu usafi wa vyoo, skani. Kila asubuhi barua pepe inaingia, mraba katikati, chini yake maneno mawili matatu, na ofisi nzima inanyanyua simu kuelekea kompyuta kama watu wanaopiga picha ya harusi. Mimi pia nilinyanyua. Nani ana muda wa kuuliza?

Wifi alikuwa nao. Alinyanyua simu kama sisi, lakini hakubonyeza. Kamera ikishausoma msimbo, huonyesha kwanza anwani ya ukurasa unaotaka kukupeleka, na hapo ndipo alipokuwa akisimama, amekunja uso, akiisoma herufi kwa herufi. Mezani wakati wa chakula cha mchana alinieleza anachotafuta, maana nilikuwa nikimcheka. Alisema mtu asidanganyike kwa kuona jina la hospitali ndani ya anwani, jina anaweza kulichomeka yeyote. Vuka ile mikwaju miwili ya mwanzoni, ile mistari ya mshazari, nenda hadi mkwaju unaofuata, kisha utazame maneno yaliyo mara tu kabla yake. Hao ndio wenye nyumba. Kama jina letu limetangulia mbele huko na karibu na mkwaju pana jina la watu wengine, basi nyumba ni ya hao wengine na sisi tumebandikwa mlangoni tu. Na kama anwani imefupishwa hadi haisomeki, hafungui. Anapiga simu kwa aliyetuma, tena kwa namba anayoijua yeye, iliyobandikwa ukutani kwake, si ile iliyoandikwa ndani ya barua.

"Na kwa nini waweke mraba badala ya kiungo cha kubonyeza?" aliniuliza. "Kiungo ungekigusa hapo kwenye kompyuta ya ofisi, ambayo ina ulinzi wake. Mraba unakutoa humo, unakuhamishia kwenye simu yako ambayo haina anayeilinda."

Nilimwambia anaongea kama mtu wa upelelezi, na nikamwomba kachumbari.

Lakini siku moja nyumbani nilimpigia saluti. Mume wangu alipokea ujumbe kwenye simu, picha ya mraba na onyo kwamba umeme wetu utakatwa asipothibitisha akaunti jioni hiyo. Akaja kuniomba simu yangu ili aiskani simu yake. Wifi alikuwa ameketi sebuleni. Alimtazama kaka yake akishika simu mbili, moja ikiipiga picha nyingine, akamwuliza ni kampuni gani yenye akili timamu itakutumia simuni kitu ambacho simu hiyo hiyo haiwezi kukisoma bila kuazima ya mkeo. Mume wangu akasita. Wifi akamwambia akauangalie umeme kwenye programu ya kampuni aliyonayo siku zote. Akaifungua: hakuna deni, hakuna onyo. Tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta.

Huyo ndiye mtu ninayemzungumzia. Sasa nieleze walivyomfanya.

Ulikuja ukaguzi. Wakaguzi wa nje, watu wa suti, walikuja kuamua kama hospitali yetu ibaki na daraja lake. Asubuhi ile ikaingia barua pepe kutoka ofisi ya mkurugenzi: kila idara iskani msimbo, iingie kwa neno la siri la kazini, ijaze taarifa zake kabla ya saa sita. Tukaskani. Wifi akaskani, akasoma, akaweka simu mezani. Anwani iliyotokea haikuwa ya hospitali. Ilikuwa jina la kampuni ambayo hakuna kati yetu aliyewahi kuisikia, na ukurasa ulitaka neno la siri la kazini.

Alipiga simu kwa mkuu wa mitambo. Haikupokelewa. Akapiga ofisi ya mkurugenzi, akaambiwa wako kwenye kikao na wageni. Akamwandikia mkuu wa mitambo ujumbe wa maneno machache: anwani hii si yetu, naomba uthibitisho. Kisha akawaambia vijana wake wa masjala wasifungue chochote mpaka ajibiwe. Saa sita ikapita. Idara zote zilikuwa zimejaza isipokuwa masjala, na masjala ndiyo iliyokuja kutazamwa kuliko zote.

Kumbe ule msimbo ulikuwa wa kweli. Mkuu wa mitambo alikuwa amekodi huduma ya fomu kwa kampuni ya nje, akaona si lazima kumwambia mtu.

Tuliitwa wakuu wa idara wote, na mimi nikiwamo, katika chumba cha mikutano chenye kiyoyozi kinachodondosha maji. Mkurugenzi alikuwa ameaibika mbele ya wageni, na mtu aliyeaibika hutafuta pa kuitua aibu yake. Hakupiga kelele. Alisema hospitali haiwezi kuendeshwa kwa wasiwasi wa mtu mmoja. Wifi akajibu kwa adabu kwamba ule wa kweli ulifanana na wa uongo kwa kila alama aliyoijua, na akauliza ni alama ipi nyingine angeitumia. Lilikuwa swali zuri. Nilimtazama mkuu wa mitambo, nikingoja ajibu. Alikuwa anakagua kucha zake.

"Kazi yako ni mafaili," mkurugenzi alisema. "Ukiambiwa skani, skani. Hatukukuajiri utukague sisi."

Na kwa mdomo wangu huu wote, siku hiyo niliufyata kama wengine. Alipewa onyo la maandishi, na chini yake sentensi kwamba kosa likirudiwa, ajira yake itaangaliwa upya. Alilitia kwenye mkoba pamoja na kontena lake la chakula, akarudi dirishani, akahudumia foleni iliyobaki.

Baada ya hapo sikumsikia tena akisema ngoja kwanza. Ukweli ni kwamba tulifurahi. Barua ikija naye ananyanyua, naye anabonyeza, kazi inakwenda. Kuna waliomtania kwamba amepona. Alitabasamu kwa mdomo tu. Nilimwuliza nyumbani kama ameacha kusoma anwani, akasema bado anazisoma, ila siku hizi anazisoma kama mtu anayesoma bei za duka asilokusudia kuingia. Nusu ya anwani zilizotoka kwa mkuu wa mitambo hazikuwa zetu, leo kampuni hii, kesho ile. Angepinga zote angekuwa nje ya geti kabla mwezi haujaisha, na ana binti chuoni na mama mkwe kitandani.

Barua ya uongo ilikuja asubuhi ya foleni. Jina la mtumaji lilikuwa la mkuu wa mitambo. Ilisema usalama wa akaunti za barua pepe unahuishwa, mfanyakazi askani kwa simu yake na kuingia upya, na atakayechelewa atafungiwa akaunti na jina lake kupelekwa kwa mkurugenzi. Wifi alikuwa na mama mwenye mtoto mchanga dirishani, nyuma yake watu mpaka mlangoni. Alinyanyua simu. Alisoma anwani. Haikuwa yetu. Akabonyeza.

Yote aliyoyaona baada ya hapo alinisimulia mwenyewe, bila kujitetea, na mimi nayaandika alivyoyasema. Ukurasa ulikuwa na nembo yetu na rangi zetu za kijani. Anwani yake ya barua pepe ilikuwa imeshajazwa tayari, kama vile wanamjua. Simu yake, ambayo huwa inamjazia neno la siri yenyewe akiingia ukurasa wa kweli, safari hii ilikaa kimya, maana haikuujua ule ukurasa. Hilo pia aliliona. Akaliandika neno la siri kwa kidole. Ukurasa ukamwomba ile namba ya uthibitisho inayotumwa kwenye simu, namba ikaja kweli, akaiandika pia. Mtu aliyekuwa upande wa pili aliichukua papo hapo akaingilia nayo kwenye akaunti halisi. Halafu ukurasa ukamrudisha kwenye tovuti yetu ya kila siku, kimya kabisa. Alimrudia mwenye mtoto mchanga akaendelea.

Wezi hao walikaa ndani ya sanduku lake la barua bila yeye kujua. Waliweka agizo ili barua zinazouliza maswali zihamishwe kwenye folda asiyoifungua kamwe. Kisha wakatuma mraba ule ule kwa idara nyingine, kwa jina lake. Na hapa ndipo damu yangu huchemka kila nikifika: watu waliokuwa wamesitasita kwa ule wa kwanza, huu wa pili waliuskani bila kuuliza. Muuguzi mkuu aliniambia mwenyewe. Alisema, kama umetumwa na Ngoja Kwanza, basi umeshachunguzwa. Miaka yote ya uangalifu wake iligeuzwa chambo.

Ndani ya barua zake mlikuwa na majibu ya vipimo, maana madaktari walizoea kuomba nakala kwa barua pepe, na yeye alituma alivyoagizwa. Haikupita muda wagonjwa wakaanza kupokea ujumbe. Tunajua ulipimwa nini. Tuma pesa au tutamwambia mkeo. Tutamwambia mwajiri wako. Wengine walituma. Wengine waliambiwa wake zao hata hivyo.

Nilikuwa nimepeleka boksi la karatasi masjala siku alipokuja fundi cherehani wetu. Mtu huyu kanishonea gauni la harusi. Hakuwa na hasira, afadhali angekuwa nayo. Alisimama dirishani kwa wifi kama alivyozoea, akainama karibu na tundu la kioo.

"Mimi sikuiamini hospitali," alisema. "Nilikuamini wewe."

Fundi akaondoka. Sikuuliza alipimwa nini. Siku hizo wote mtaani walikuwa wanajua, na umbea nilioutamani miaka yote ulipokuja wenyewe mlangoni kwangu niliufungia.

Uchunguzi ulifanyika katika chumba kile kile, kiyoyozi kile kile. Mkuu wa mitambo alieleza kwamba wafanyakazi walipewa elimu ya kutosha: kulikuwa na bango kwenye kila korido lenye kichwa kuhusu kurasa za uongo, na wa kutaka maelezo zaidi alitakiwa kuskani msimbo uliokuwa chini ya bango. Alisema hivyo bila hata kupepesa. Mtu mmoja nyuma aliguna, nadhani nilikuwa mimi.

Mkurugenzi akamgeukia wifi. Akamwuliza kama aliona kwamba anwani haikuwa ya hospitali.

"Niliona," wifi alisema.

"Ukabonyeza?"

"Mara ya kwanza niliona vilevile, nikangoja. Mkanipa onyo."

Kisha mkurugenzi akasema kwamba hilo ndilo linalofanya kosa lake liwe zito zaidi: wengine hawakujua, yeye alijua. Safari hii nilisimama, nikasema onyo lile lilitoka humu ndani na sote tulikuwepo. Niliambiwa niketi, mambo ya masjala si ya stoo. Wifi akamwaga unga siku hiyo hiyo. Mkuu wa mitambo yupo mpaka leo, na viatu vyake bado vinalia.

Alikaa nyumbani. Kupita mbele ya kibanda cha fundi cherehani hakuweza, akawa anazunguka njia ya nyuma, ile yenye matope, kwenda kununua mkate. Watu aliowatunzia siri miaka yote walimwangalia kama aliyewauza. Binti yake alitaka kuandika mitandaoni, akamkataza. Kuna jioni nilimkuta ameketi na simu mapajani imezimwa, nikalia mimi badala yake.

Halafu hospitali ikamtumia ujumbe wa simu. Stahili zake ziko tayari, athibitishe kwa kuskani msimbo ulioambatanishwa na kuingiza namba yake ya ajira na neno la siri. Nilikuwepo. Aliusoma, akaiweka simu chini, akachukua yangu, akapiga kwa kumbukumbu namba ya mezani ya ofisi ya utumishi. Alipokea dada mmoja mgeni. Ndiyo, ni sisi, alisema, skani tu mama. Wifi akamwomba amsomee anwani ya huo ukurasa ili ailinganishe. Dada akasema haijui, wanaoijua ni watu wa mitambo, mbona wenzako wote wanaskani? Wifi akasema atakuja mwenyewe. Kule upande wa pili nilisikia pumzi ndefu, na neno kwamba baada ya yote yale bado mama huyu anatukagua.

Nilimsindikiza. Utumishi walimpa karatasi, akasaini kwa kalamu, wakionyesha kabisa kwamba anawapotezea muda. Tulipotoka, njia ilipita mbele ya masjala, hakuna njia nyingine. Dirishani kwake alikuwa amekaa mrithi wake, binti mpole aliyekuwa akifundishwa naye mwanzo wa mwaka. Foleni ilifika mlangoni. Kwenye kompyuta yake kulikuwa na barua mpya yenye mraba katikati, na binti alikuwa ameshanyanyua simu.

Wifi alisimama. Nikamshika mkono twende, lakini alishafika kwenye kioo, akainama kwenye lile tundu ambalo watu walikuwa wakimnong'onezea yeye.

"Ngoja kwanza," alisema. "Umeisoma anwani?"

Binti aliinua macho. Alimtambua, akaona haya, akatazama foleni, kisha akatazama upande wa ofisi ya mkurugenzi. Alijibu kwa heshima zote, kama anavyojibiwa mama mzazi.

"Nimeisoma, mama. Lakini nikichelewa nitapewa onyo."

Sijui kama mraba ule ulikuwa wa kweli au wa uongo. Binti pia hakujua. Alibonyeza, akaita anayefuata.